Kutuma hela Kisumu ukiwa Mwanza kwa apu ya Kiingereza: soma reti, ada na jina la mpokeaji kabla hujabonyeza

Nina kibanda cha uwakala huku Kirumba, sio mbali na Mwaloni, na watu wananiletea simu kila siku wananiambia kaka niangalizie hapa nibonyeze nini. Wengi washabonyeza tayari. Hela imeenda pungufu, au imeenda kwa mtu mwingine, au wamelipa ada mara mbili. Nikiangalia naona makosa ni yaleyale, yako kwenye skrini tatu tu: ya reti, ya ada, na ile ya kuthibitisha mpokeaji. Apu ni ya Kiingereza na mtu anaona aibu kuuliza, basi anabonyeza kitufe cha kijani mpaka mwisho.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Dada mmoja anauza dagaa Mwaloni, binti yake anasoma Kisumu, anatakiwa kumlipa mama mwenye hosteli shilingi 15,000 za Kenya kwa M-Pesa ya kule. Hela anayo kwenye simu, ya Tanzania. Namba za reti na ada nitakazoweka ni za mfano tu ili hesabu iwe nyepesi, reti ya siku yako utaiona mwenyewe.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye chaji na bando, maana ukikatika katikati ya malipo ndo balaa linapoanzia.
- Kalkuleta, ya simu inatosha.
- Karatasi na kalamu. Usitegemee kichwa.
- Namba ya mpokeaji uliyopewa kwa kuongea naye, sio iliyokuja kwa meseji tu.
- Jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho alichosajilia laini. "Mama Achieng" sio jina la kitambulisho.
- Kitambulisho chako, cha NIDA au pasipoti, kwa sababu apu nyingi zinakidai kabla ya kukuruhusu kutuma.
- Salio linalozidi kidogo kiasi unachotaka kutuma, kwa ajili ya makato.

Kwenye karatasi andika mistari mitatu: KES ngapi zifike, jina kamili la mpokeaji, namba yake. Hiyo karatasi utaishika mkononi mpaka mwisho.

## Hatua ya 1: Ingiza kiasi kwenye kisanduku sahihi

Skrini ya kwanza ina visanduku viwili. Cha juu mara nyingi kimeandikwa `You send`, maana yake wewe unatoa. Cha chini ni `Recipient gets` au `They receive`, maana yake mpokeaji anapata. Pembeni ya kila kimoja kuna herufi tatu za sarafu, `TZS` ni shilingi yetu na `KES` ni ya Kenya.

Yule dada aliambiwa "tuma elfu kumi na tano", akaandika 15000 kwenye cha juu. Apu ikaelewa anatuma elfu kumi na tano za Tanzania. Mama mwenye hosteli akapokea kama KES 742 akadhani anataniwa, na dada akawa ameshalipa ada, kutuma upya akalipa ada nyingine.

Kwa hiyo kama deni liko kwa hela ya kule, gusa kisanduku cha chini chenye `KES`, futa kilichopo, andika 15000. Cha juu kitajijaza chenyewe. Usikiguse tena, maana ukikigusa cha chini kitabadilika.

Ukifanya sawa cha chini kitasomeka `15,000.00 KES` na cha juu kitakuwa laki tatu na kitu. Hela yetu lazima ionekane namba kubwa zaidi, karibu mara ishirini. Kama namba za juu na chini zinafanana au ya juu ndo ndogo, rudi nyuma.

Hapo kuna jambo la nukta na mkato. Kwenye apu ya Kiingereza mkato unatenga maelfu na nukta inatenga senti, kama tulivyozoea. Lakini kuna wenzetu wa Mwaloni wanaofanya biashara na Wakongo na Warundi, simu zao zimewekwa Kifaransa, na huko mara nyingi mkato ndo unatenga senti na maelfu yanatengwa kwa nafasi au nukta. `15 000,00` ni elfu kumi na tano, sio milioni moja na nusu. Kwenye Kifaransa utaona `Frais` kwa ada, `Taux de change` kwa reti, na `Bénéficiaire` kwa mpokeaji. Mpangilio ni uleule.

## Hatua ya 2: Soma reti, na ujue imeandikwa upande gani

Hapa nitakaa kidogo maana hela nyingi zinapotelea hapa bila mtu kujua.

Tafuta mstari wa `Exchange rate` au `Rate`. Unaweza kuandikwa kwa njia mbili na zote ni sahihi:

```
1 KES = 20.20 TZS
1 TZS = 0.0495 KES
```

Ya kwanza inasema shilingi moja ya Kenya unainunua kwa shilingi 20.20 zako, kwa hiyo kwako wewe unayetuma namba ndogo ndo nzuri. Ya pili imegeuzwa, inasema shilingi yako moja inapata hela ngapi ya Kenya, hapo namba kubwa ndo nzuri. Watu wanalinganisha apu mbili, moja imeandika hivi nyingine vile, wanachagua iliyo mbaya huku wanadhani wamepata unafuu.

Kuigeuza ni rahisi, kwenye kalkuleta gawa 1 kwa ile namba. 1 gawa kwa 0.0495 inatoa kama 20.20. Zikishakuwa upande mmoja ndo ulinganishe.

Kisha jiulize reti ya sokoni ni ngapi. Benki Kuu ya Tanzania inaweka viwango vya kubadilisha fedha kwenye tovuti yake, angalia pale. Haitakuwa sawasawa na ya apu, na sio kosa, apu inaongeza kidogo ili ipate faida. Unachotaka kujua ni imeongeza kiasi gani. Tuseme sokoni ni 20.00 na apu inakupa 20.20, umeongezewa senti ishirini kwa kila shilingi ya Kenya, kwa 15,000 hiyo ni shilingi 3,000. Apu nyingine inakupa 20.80, hiyo ni 12,000. Hizo 12,000 hazitaandikwa mahali popote kama ada, zimekaa ndani ya reti kimyakimya.

Pia angalia kama kuna saa inayohesabu kurudi nyuma au maneno kama `Rate guaranteed for 30 min`. Maana yake reti imeshikiliwa kwa dakika thelathini. Ukiacha hapo ukaenda kuweka hela kwa wakala ukarudi baada ya saa nzima, reti inaweza kuwa nyingine, kwa hiyo soma upya. Ndo maana nasema salio liwepo kabla ya kuanza.

## Hatua ya 3: Ada, na maneno ya "bure"

Ada inaandikwa `Fee` au `Transfer fee`. Ukiona `Fee: 0` au `No fees` usishangilie bado. Chukua mfano wetu.

Apu ya kwanza: ada sifuri, reti 20.80. KES 15,000 zidisha kwa 20.80 ni TZS 312,000.

Apu ya pili: ada 6,000, reti 20.20. 15,000 zidisha kwa 20.20 ni 303,000, ongeza 6,000 unapata TZS 309,000.

Ile yenye ada ndo nafuu kwa shilingi 3,000. Lakini usikariri kwamba yenye ada ni nafuu siku zote. Ukituma KES 2,000 tu, ya kwanza itakula 41,600 na ya pili 46,400, hapo ile ya "bure" imeshinda kwa mbali. Kwa namba hizi zinalingana kwenye KES 10,000, kila moja 208,000. Ada ya mfano huu ni kiasi kilekile utume kidogo au kingi, ila faida iliyo kwenye reti inakua na hela unayotuma. Kwa hiyo hela ndogo ogopa ada, hela kubwa ogopa reti.

Mimi silinganishi kitu kingine zaidi ya hiki: naweka KES ileile kwenye apu zote mbili, naangalia mstari wa mwisho ulioandikwa `Total to pay` au `Total cost`. Ndogo ndo yangu.

Huo mstari wa jumla una kazi nyingine pia. Kuna apu zinaongeza ada juu ya hela uliyoandika, na kuna zinazoitoa humohumo ndani, utaona `Fee included` au `Fee deducted`. Ukiwa umeandika kwenye kisanduku cha chini kama nilivyosema hatua ya 1, mara nyingi haikusumbui, KES 15,000 zitabaki 15,000 na ada itaonekana kwenye jumla. Ukiwa umeandika kwenye cha juu, mpokeaji anaweza kupungukiwa. Kwa hiyo kila ukifika kwenye ada pandisha macho tena kwenye `Recipient gets`, kama sio namba iliyo kwenye karatasi yako simama.

Kumbuka hiyo ni hela inayoingia kwenye simu ya mpokeaji. Akienda kuitoa kwa wakala kule Kisumu anakatwa ya kutolea. Mwenye hosteli wengine wanakubali hela ikae kwenye M-Pesa, wengine wanataka mkononi, muulize mapema kama umwongezee.

## Hatua ya 4: Namba ya mpokeaji

Bonyeza `Add recipient`. Utaulizwa kwanza hela ipokelewe vipi: `Mobile wallet` ni kwenye simu, `Bank deposit` ni akaunti ya benki, `Cash pickup` ni kuchukua taslimu kwenye ofisi na kitambulisho. Yetu ni `Mobile wallet`.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu nchi. Namba ya nchi ya Kenya ni +254, yetu ni +255. Tofauti ni tarakimu moja ya mwisho, na nchi zote mbili zina namba zinazoanza na 07 (Kenya siku hizi kuna na za 01). Kwa hiyo ukiandika namba ya Kisumu huku bendera imebaki ya Tanzania, apu inaweza isione kosa lolote, kwa sababu hiyo namba inaweza kuwa ni ya mtu halali kabisa hapa kwetu.

Chagua bendera ya Kenya kwanza, hakikisha `+254` imetokea, halafu andika namba bila ile sifuri ya mwanzo. Zihesabu, zinatakiwa ziwe tarakimu tisa baada ya +254. Zikiwa kumi umeacha sifuri ndani, zikiwa nane umeruka moja.

Ukiulizwa mtandao usikisie kwa kuangalia namba inavyoanza, kule mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Muulize: M-Pesa au Airtel Money?

Majina: `First name` ni jina la kwanza, `Last name` ni la mwisho, la ukoo. Andika ya kwenye kitambulisho. Ukiona `Purpose` wanauliza hela ni ya nini, `Relationship` ni uhusiano wenu, `Source of funds` ni hela imetoka wapi. Jibu ukweli, kwa dada yetu uhusiano sio familia, ni mwenye nyumba, na hela imetoka kwenye biashara, `Business`. Kuna watu wanachagua chochote ili wapite haraka halafu muamala unasimamishwa wanaulizwa maswali.

## Hatua ya 5: Skrini ya kuthibitisha, usiipite

Inaitwa `Review`, `Confirm details` au `Summary`. Huku kwetu tumezoea ukituma M-Pesa jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri, kwa hiyo watu wanaamini jina lolote wanaloliona limetoka mtandaoni. Kwenye hizi apu sio lazima iwe hivyo.

Kuna apu inaenda kuuliza mtandao wa kule namba hii imesajiliwa kwa jina gani, kisha inakuonyesha. Na kuna apu inakurudishia jina uliloandika wewe mwenyewe. Za pili hizo, ukiandika namba ya mtu mwingine na jina la mama mwenye hosteli, itakuonyesha jina la mama mwenye hosteli, na wewe utafurahi, na hela itaenda kwa mtu mwingine.

Utajuaje ni ipi? Angalia kama jina lina kitu ambacho wewe hukuandika. Wewe uliandika majina mawili, skrini inaonyesha matatu, au imeandika kwa herufi kubwa zote, au baadhi ya herufi zimefichwa kwa nyota, hapo kuna dalili limetoka mtandaoni. Ukiona neno `Verified` pembeni ya jina ni vizuri zaidi. Lakini likiwa ni lilelile, herufi kwa herufi, mpaka kosa ulilokosea la kuandika "Rosemery" badala ya "Rosemary" limerudi vilevile, basi chukulia halijahakikiwa.

Kama halijahakikiwa fanya moja kati ya haya. Mwombe mtu aliyeko Kenya, kwa mfano yule binti, aanze kutuma hela kwa namba hiyo kwa M-Pesa ya Safaricom, wana huduma ya Hakikisha inayoonyesha jina kabla hela haijaondoka, akishaliona asitishe, akutumie skrinishoti. Au tuma kiasi kidogo kwanza, umpigie mpokeaji kwa sauti akuambie ameona kiasi gani, halafu ndo utume kubwa. Utalipa ada mara mbili lakini kwa mara ya kwanza na mtu mgeni mimi naona inalipa.

Jina likija tofauti kabisa usikubali maneno ya "hiyo laini ni ya mdogo wangu" kwa meseji. Piga simu. Na kama namba ya kupokelea imebadilishwa ghafla kwa meseji, piga kwenye namba ya zamani, sio hiyo mpya.

Sasa chukua karatasi, linganisha kwa sauti, mstari kwa mstari: KES ni zilezile? `+254`? Tarakimu nne za mwisho? Jina? Jumla? Kimoja kikikataa bonyeza `Edit` au `Back`, hapo bado hujapoteza kitu. Ukibonyeza `Confirm`, au ukivuta kile kitufe cha `Slide to send`, kurudisha hela kunakuwa ni kuomba, sio haki ya papo kwa papo.

## Hatua ya 6: Kulipa, ambako kuna Kiswahili

Ukichagua kulipa kwa mtandao wa simu yako, meseji ya kuweka namba ya siri itakuja kwenye skrini, na kwa wengi wetu hii inakuja kwa Kiswahili. Itumie kama mkaguzi wako wa mwisho. Kiasi kinachotajwa hapo kiwe sawa na `Total to pay`, kwetu 309,000. Kikiwa kingine, ghairi, usiweke namba ya siri. Mtandao wako unaweza kukata makato yake juu ya hapo, utayaona kwenye meseji ya muamala.

Namba ya siri unaweka wewe mwenyewe. Mimi wakala siiulizi, na anayekupigia kusema ni wa apu anaomba tarakimu zilizokuja kwa meseji, kata simu.

Skrini ikiganda inazunguka tu, usibonyeze tena. Toka, ingia kwenye `History` au `Activity`, na angalia salio la simu. Kama hela imekatwa au muamala umeorodheshwa, umeshatuma.

## Hatua ya 7: Baada ya kutuma

`Processing` au `Pending` ni bado iko njiani. `On hold` wamesimamisha wanataka maelezo, fungua meseji zao ndani ya apu. `Paid out`, `Delivered` au `Completed` kwa apu hizi inamaanisha hela imefika. `Failed` haijafika, na `Refunded` imerudi kwako.

Muda nao unawachanganya watu. Ikiandikwa `Arrives by 2:30 PM` ni saa nane na nusu mchana, sio saa mbili na nusu usiku. Toa au ongeza sita. Kenya na sisi saa ni moja. Na `next business day` ukituma Ijumaa jioni inaweza kumaanisha Jumatatu.

Piga skrinishoti ya risiti yenye `Reference` au `Transaction ID`. Iwe `Pending` hata saa tatu nzima usitume mara ya pili, kwa sababu ya kwanza inaweza kufika na ukawa umelipa hosteli mara mbili, na kumwomba mtu wa nchi nyingine arudishe ni kazi.

Ikiwa imesema `Completed` na mpokeaji anasema hajaona, mwambie asome taarifa ya muamala kwenye M-Pesa yake, sio meseji tu, meseji zinachelewa. Bado hakuna? Ingia `Help` kwenye apu ileile na uandike hivi, unaweza kunakili:

```
Recipient has not received the money.
Reference: ________
Amount: 15,000 KES
Please check with the mobile network.
```

Kama umegundua umekosea namba, badilisha mstari wa kwanza uwe `I sent to the wrong number. Please stop or reverse.` na utume dakika hiyohiyo, usisubiri kesho, maana mpokeaji asiye sahihi akishaitoa kwa wakala hakuna kilichobaki cha kurudisha. Usitafute namba ya huduma kwa wateja kwenye fesibuku, huko kuna matapeli wanasubiri watu wa namna hiyo.

Yule dada wa Mwaloni alirudi kwangu mwezi uliofuata na karatasi yake imekunjwa mara nne, imeandikwa KES 15,000, jina, na tarakimu zote tisa. Tulikaa kama dakika kumi. Apu ilikuwa imerudisha jina aliloandika yeye, kwa hiyo akampigia binti, binti akaangalia Hakikisha, jina likaja lilelile, ndo akavuta kitufe.